Shairi Lililohesabiwa Hadi Likawa Yai

Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, Simia wa kisiwa cha Rodo, mshairi wa Kigiriki, alitunga mashairi matatu ambayo jicho huyatambua kabla ulimi haujayasoma: shoka, mabawa na yai. Hakuanza kwa kuchora. Aliurefusha na kuufupisha mshororo kwa vipimo vya lugha yake, na umbo likajitokeza. Katika yai aliongeza ugumu: msomaji anaanza na mshororo wa juu kabisa, anaruka hadi wa chini kabisa, anarudi kwenye wa pili, kisha wa pili kutoka chini, mpaka afike katikati. Mifupi husomwa kwanza, mirefu mwisho, kwa hiyo shairi linanenepa kadiri unavyolisoma.

Zaidi ya miaka elfu moja na mia nane baadaye, George Herbert, kasisi wa Kiingereza, alirudia mabawa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1633, mwaka aliofariki. Kila ubeti una mishororo 10. Wa kwanza una silabi 10, inayofuata inapungua hadi mishororo miwili ya katikati yenye silabi mbili mbili, halafu inapanda tena. Pale mtu anaposimulia kudhoofika kwake, mshororo wenyewe umekonda. Toleo la kwanza lilichapwa kwa ubavu, ili ukurasa uonyeshe mabawa yaliyokunjuliwa.

Darasani tumezoea njia iliyo kinyume. Mwalimu anachora mti ubaoni, wanafunzi wanaujaza maneno. Kasoro yake huonekana haraka: ondoa neno lolote, tia jingine, mti haubadiliki. Maneno yamekuwa rangi tu. Mtoto anayesoma Kiswahili tayari ana chombo cha Simia mkononi, nacho ni mizani. Mpe kazi ya kupunguza na kuongeza: 8, 6, 4, 2, 4, 6, 8. Halafu mwambie atafute jambo linalopungua na kurudi. Tuchukue mto wa msimu:

Mto ulijaa maji
  jua likazidi
    ukakonda
      tone
    mvua hiyo
  radi ikipiga
mto ukafura tena

Hesabu kwa sauti, si kwa jicho. “Mto” ni mizani mbili, kwa sababu m yake inasimama peke yake. “Mvua” nayo ni mbili, wala si tatu, maana hapo m imeshikana na v: mvu-a. Hapo ndipo wanafunzi wengi watakapokosea, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mizani zikitimia bado umbo linaweza kupinda, kwa kuwa silabi “ngwa” huchukua nafasi kubwa kuliko “i”. Daftari la hesabu lenye viboksi, silabi moja kila kiboksi, linanyoosha kingo.

Karne ya 20 ilileta watu walioacha kuhesabu silabi wakahesabu maneno. Mwaka 1953 Eugen Gomringer, mzaliwa wa Bolivia aliyefanya kazi Uswisi, alitoa kitabu cha mashairi ya maneno machache mno. Shairi lake mashuhuri linarudia neno moja la Kijerumani, lenye maana ya kunyamaza, mara 14 katika mistari mitano, na mahali pa neno la 15, katikati, pako wazi. Uwazi huo ndio unaonyamaza kweli. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini pengo liko katikati, wala si pembeni, ameshaelewa mashairi ya umbo.

Mashairi ambayo herufi za mwanzo za mishororo hufuata mpango yana mkondo wake. Zaburi ya 119 ina aya 176: herufi 22 za Kiebrania, kila herufi ikifungua aya nane mfululizo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuuona mpango huo kwenye maneno, kwa sababu tafsiri huokoa maana na kuacha herufi. Lakini pwani yetu ilitunga la kwake. Katika karne ya 19 Sayyid Umar bin Amin al-Ahdal, kadhi wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alitunga Dura Mandhuma, shairi la Kiswahili linalofuata mpangilio wa alfabeti ya Kiarabu. Nasikitika kwamba watoto wengi wanafundishwa mchezo huu kama kitu cha kigeni.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Viambishi vya nafsi vinatoa n, u, a, t, m na w bure, kwa hiyo jina kama “Tatu”, likipangwa herufi moja kwa kila mshororo, laweza kujazwa kwa “tunapenda, anapenda, tunapenda, unapenda”, na hakuna kilichosemwa. Kataza kitenzi kuanza mshororo. Mwanafunzi atalazimika kutafuta nomino au kielezi: taa, alfajiri, tundu, upepo. Kisha funika ukingo wa kushoto kwa rula na umwombe mwenzake asome kilichobaki. Mshororo ambao haupotezi chochote herufi ya kwanza ikifichwa, uandikwe upya.