Msawada wa Barua ya Kubisha Hodi: Makosa Matano na Asili Yao

Aghalabu mtu anayeombwa kuukagua msawada wa baruapepe inayopelekwa kwa asiyefahamiana na mwandishi huanza juu ya ukurasa akashuka nao mpaka chini, akitia alama kila penye herufi iliyopotea au neno lililorudiwa, hata mwandishi akarudishiwa kazi yake imejaa wino naye asijue lipi litaikosesha barua jibu na lipi ni doa tu. Ukaguzi wa namna hii una jitihada, walakini hauna mizani. Mizani ninayoipendekeza ni hii: kosa liitwe la hatari iwapo lingetosha, likibaki peke yake hali mengine yote yamesahihishwa, kumfanya mpokeaji aifunge barua asiijibu. Ukishika kipimo hicho, makosa ishirini hupungua yakawa matano au chini yake, na tena hudhihirika kuwa hayo yenyewe yana nasaba.

Natuchukue msawada uliotungwa kwa ajili ya mjadala huu. Kikundi cha akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, kinatengeneza sabuni ya mwani na kinataka kuiuza kwa hoteli. Penye mada pameandikwa: «Salamu na ombi la ushirikiano». Kisha: «Kwa yeyote anayehusika. Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha akina mama tulioungana kwa azma ya kuinua maisha yetu, na tangu tuanze tumepitia mitihani mingi.» Zinafuata aya mbili za tarehe ya kikundi, viongozi wake na semina walizohudhuria. Mwisho: «Sabuni yetu ni bora kuliko zote, na tunaweza kuwaletea kiasi chochote wakati wowote. Tungependa ushirikiano wa kudumu na hoteli yenu tukufu. Tunasubiri majibu yenu mema.» Barua hiyo hiyo imekusudiwa hoteli arubaini, na anwani zote arubaini zimewekwa mahali pamoja, kila mpokeaji azione.

Kosa kubwa kupita yote limo katika sentensi ya ushirikiano wa kudumu, ingawa kwa sikio ndiyo sentensi yenye adabu zaidi. Muradi wake haujulikani. Je, hoteli inatakiwa inunue, au ifadhili, au iweke bidhaa katika duka lake, au iwalete wageni kutazama mashamba? Mpokeaji hana swali analoweza kulijibu kwa ndiyo au la. Akitaka kujibu itambidi kwanza abuni mwenyewe anachoombwa, na mtu mwenye barua nyingi mbele yake hafanyi kazi hiyo kwa niaba ya mgeni. Juu ya hayo, ombi lenyewe ni zito mno kwa mkutano wa kwanza, kwani udumu hutokana na biashara iliyokwisha kujaribiwa. Lau msawada ungesema, «Twaomba idhini ya kuwaletea sabuni kumi za gramu 25 mzijaribu, je, Jumanne ijayo itafaa?», mpokeaji angeweza kujibu kwa neno moja naye amesimama ukumbini. Basi mkaguzi na aanze hapa, kwa sababu ombi likiisha kubainika, sehemu nyingine za barua hupata pa kujipimia.

La pili ni madai yasiyo na ushahidi, na hili nalitazama kwa kirefu kwa kuwa waandishi wengi hulidhania kuwa ni nguvu. «Bora kuliko zote» ni maneno ambayo kila muuzaji aweza kuyasema, kwa hiyo hayamtofautishi mtu na mwenziwe. Lakini «kiasi chochote wakati wowote» ni baya zaidi, maana linamfedhehesha msemaji mbele ya ajuaye kazi. Sabuni inayotengenezwa kwa njia ya baridi haiuzwi siku ya kumiminwa; huachwa wiki 4 hadi 6 ikauke na kukomaa, na mnunuzi mwenye ujuzi akiisoma ahadi ile atahukumu ama kwamba kikundi hakiijui sabuni yake, ama kwamba kinaahidi kisichoweza kutimizwa. Tiba yake ni hesabu ndogo. Hoteli ya vyumba 40 ambayo kwa kawaida vyumba 28 vyake vina wageni, na kila mgeni akakaa siku nne kwa wastani, hupokea vyumba saba vya wageni wapya kila siku; ikiwekwa miche miwili ya sabuni katika kila chumba kwa kila ujio, ni miche 14 kwa siku, yaani takriban 420 kwa mwezi. Kikundi kinachotoa miche 600 kwa mwezi na kiseme hivyo, kitaje bei ya mche, na kieleze kwamba oda ya kwanza yahitaji notisi ya wiki sita. Kikomo kilichosemwa waziwazi huaminika kuliko uwezo usio na mpaka.

Hapa ndipo linapojitokeza kosa la tatu, la kumwandikia kila mtu. Hesabu ile haiwezi kufanywa kwa hoteli arubaini kwa mara moja, kwa sababu kila moja ina idadi yake ya vyumba, na nyingine zimekwisha kuacha sabuni za miche zikaweka chupa za sabuni ya maji ukutani, nazo hazina haja na mche hata uwe mzuri namna gani. Mwandishi angepata faida zaidi kuchagua hoteli tano, akauliza kwa simu nani husimamia manunuzi na nani husimamia usafi wa vyumba, kisha akamwandikia kila mmoja kwa jina na cheo chake. Kuziweka anwani arubaini hadharani ni kuwaambia wote arubaini kwamba hapana aliyekusudiwa, tena ni kutoa anwani za watu bila ridhaa yao.

La nne ni aya mbili za tarehe ya kikundi kutangulia haja. Sisemi zifutwe zote. Jambo moja ndani yake, kwamba mwani wenyewe hulimwa na wanakikundi, lina thamani kwa hoteli ambayo wageni wake hupenda kujua asili ya wanachotumia. Hilo libaki sentensi moja, likae baada ya ombi. Mengine hayamhusu mnunuzi.

Mada ya barua nimeiweka ya tano ilhali ndiyo inayosomwa kwanza, na huenda wengine wakanipinga. Hoja yangu ni kwamba udhaifu wake si wake peke yake: mwandishi asiyejua anaomba nini hawezi kuandika mada ila salamu. Ombi likiisha kunyooshwa, mada hujiandika: «Sabuni 10 za mwani kwa majaribio». Ni fupi ya kutosha kuonekana nzima hata kwenye simu, ambako mada ndefu hukatwa.

Kuna lililobaki ambalo mkaguzi mwenye haraka angelifuta, nalo ni salamu. Miongozo ya biashara iliyotungwa ugenini huamuru barua iingie moja kwa moja katika haja. Lakini kwa msomaji wa pwani, barua isiyosalimu ina ukavu unaoweza kuchukuliwa kuwa ni ufidhuli, na sentensi moja ya salamu haimpotezei mtu wakati. Naiachwe mahali pake, nayo makosa ya herufi yasahihishwe siku ya mwisho, baada ya mwandishi kuziandika upya sentensi zinazostahili kubaki.