Usifute picha kwenye simu kabla ya kuhakikisha mambo haya

Simu imejaa, na ujumbe wa kukutaka upunguze mafaili unatokea kila ukifungua kamera. Wengi huingia Google Photos, wakiona picha zao zote zimo humo wanaamini ziko salama mtandaoni, kisha wanafuta.

Tatizo ni kwamba Google Photos kwenye simu za Android huonyesha picha za aina mbili kwa pamoja: zilizopanda mtandaoni na zile ambazo bado zimo ndani ya simu tu. Kwa hiyo kuiona picha kwenye programu hiyo hakuthibitishi kwamba imehifadhiwa.

Anza na akaunti

Fungua Google Photos, kisha gusa picha yako ya wasifu juu kulia. Hapo utaona barua pepe inayotumika na hali ya kuhifadhi. Kama imeandikwa `Backup complete`, kazi imekamilika. Kama kuna idadi ya picha zilizobaki, au kuhifadhi kumezimwa, usifute chochote.

Itazame vizuri hiyo barua pepe. Watu wengi wana akaunti mbili au tatu, na moja waliifungua dukani siku waliyonunua simu, nywila yake hawaikumbuki tena. Picha zikipanda huko, simu ikipotea ni shida kuzipata.

Mtego wa WhatsApp

Hata `Backup complete` ina mipaka. Maana yake ni kwamba folda zilizochaguliwa zimekamilika, si kila picha iliyomo kwenye simu. Kwa kawaida inayohifadhiwa yenyewe ni folda ya kamera. Picha za WhatsApp, skrinishoti na zilizopakuliwa mtandaoni hazipandi mpaka uwashe folda zake.

Ingia `Photos settings`, chagua `Backup`, kisha `Back up device folders`. Washa `WhatsApp Images` na `WhatsApp Video` kama unazihitaji, halafu subiri zimalizike. Ni bora utumie Wi-Fi, maana video zinakula bando haraka.

Angalia pia nafasi iliyobaki. Akaunti ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya picha, barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive. Zikijaa, picha mpya haziendi mtandaoni, ila kwenye simu zitaendelea kuonekana kama kawaida.

Jaribio lenyewe

Uthibitisho wa kweli ni kuzitazama picha mahali ambapo simu yako haihusiki. Tumia kompyuta au simu ya ndugu, fungua dirisha la siri la kivinjari, nenda `photos.google.com` na uingie kwa akaunti yako. Kinachoonekana hapo ndicho kilichopo mtandaoni. Ukimaliza, toka kwenye akaunti.

Chukulia mtu mwenye picha za harusi ya dada yake. Nyingine alizipiga mwenyewe, nyingine alitumiwa kwenye grupu la familia, na ana video ya dakika 12 ya ukumbini. Hana haja ya kukagua moja moja. Atafute picha ya kwanza ya siku ile, ya mwisho, moja ya kwenye grupu, na ile video. Video aicheze mpaka mwisho. Akikuta za kamera zipo ila ya grupu haipo, ajue folda ya WhatsApp haikuwashwa. Video ikikosekana, huenda bado inapanda au nafasi imeisha.

Kufuta bila kupoteza

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukichagua picha iliyohifadhiwa ndani ya Google Photos na kugusa alama ya pipa, inaondoka kwenye simu na mtandaoni pia. Njia salama ni kugusa picha ya wasifu na kuchagua `Free up space`. Hiyo huondoa nakala za kwenye simu kwa picha ambazo tayari zimehifadhiwa, na za mtandaoni zinabaki.

Ukikosea, wahi pipa la taka. Picha iliyokuwa imehifadhiwa hukaa humo siku 60, halafu inafutika moja kwa moja. Ambayo haikuhifadhiwa hupewa muda mfupi zaidi, na ikifutwa kupitia programu nyingine huenda isiingie kabisa kwenye pipa hilo.

Jambo la mwisho ni ubora. Ukitumia `Storage saver`, picha zinabanwa, na video zilizozidi 1080p hupunguzwa. Kwa kutazama kwenye simu tofauti ni ndogo, lakini ukifuta zilizomo kwenye simu, ubora wa mwanzo haurudi. Kwa picha za kuchapisha kubwa, chagua `Original quality` kabla hazijapanda, au nakili kwanza kwenye kompyuta au flashi.