Ulinganuzi wa Uso

Mpambaji akimwambia mteja kwamba uso wake "umezama", hamaanishi kwamba si mzuri. Anaona macho na midomo haviachani na ngozi. Kitaalamu hiyo ni kontrasti ya uso, na kwa Kiswahili inafaa kuitwa ulinganuzi wa uso: kiasi ambacho macho, nyusi na midomo hupishana na ngozi inayovizunguka kwa weusi, weupe na rangi. "Tofauti" ni neno pana mno, ulinganuzi hupimika.

Mwaka 2009 mwanasaikolojia Richard Russell alionyesha picha mbili za uso uleule usio wazi kama ni wa kike au wa kiume. Yenye ulinganuzi mkubwa watazamaji waliiona ya mwanamke, yenye mdogo wakaiona ya mwanamume. Mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya ulinganuzi huo hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na mwaka 2017 wakaujaribu kwa nyuso za wanawake wa makundi mbalimbali, wakiwemo Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Nyuso zilizoongezewa ulinganuzi zilionekana changa zaidi.

Vipimo hivyo vinagusa macho, nyusi na midomo. Nywele ni fremu ya uso, na hapo ndipo saluni zetu huharibu hesabu.

Chukua dada mwenye ngozi ya kahawia iliyokoza, aliyezoea rasta nyeusi namba 1. Leo amesuka namba 27, rangi ya asali. Nywele sasa zimeng'aa kuliko ngozi, zinavuta jicho la mtazamaji, na nyusi zake nyembamba zimepotea chini ya nywele hizo. Akipaka na lipstiki ya rangi ya ngozi, mdomo nao unatoweka. Kosa si rasta. Ni kwamba sehemu za katikati ya uso hazikuongezewa kitu. Nyusi zijazwe kwa kahawia nyeusi, wanja upite kwenye mzizi wa kope, mdomo upewe rangi ya damu ya mzee. Kwenye ngozi iliyokoza mdomo na ngozi mara nyingi hukaribiana kwa weusi, hivyo wekundu hufanya kazi ambayo giza pekee lisingeweza.

Wapo wanaotafuta ulinganuzi kwa fandesheni iliyopauka. Macho yatajitokeza kweli, lakini uso utaachana na shingo na kuonekana wa majivu, hasa kwenye picha ya flashi.

Kupima ni rahisi: piga picha dirishani mchana bila flashi, kabla na baada ya vipodozi, kisha ziondolee rangi kwenye simu. Midomo ikiyeyuka kwenye shavu, lipstiki hiyo haijaongeza giza wala mwanga. Rudisha rangi ujue kama wekundu wake unatosha kuibeba.