SHERIA: Injini ya boti ikifa, je, mkataba nao umekufa?

HOTELI moja ya Diani, tuseme, imekodi boti ya kubeba watalii kutoka Shimoni hadi Kisite kwa miezi 10, kwa Sh60,000 kila mwezi. Mkataba unasema boti iwe na leseni ya kubeba abiria, iwe katika hali njema ya kusafiri, na turubai lake liwe jipya.

Mwezi wa kwanza injini yazimika na boti yakaa ufuoni siku tisa. Meneja wa hoteli, kwa hasira, atangaza mkataba umekwisha, kisha akodi boti nyingine. Je, ana haki hiyo?

Jibu hutegemea aina ya sharti lililovunjwa. Leseni ni sharti la msingi, kwa kuwa bila hiyo abiria hawawezi kubebwa kihalali. Likivunjwa, aliyekosewa aweza kujitoa na pia kudai fidia, au akipenda aendelee na mkataba na kudai fidia tu. Turubai ni sharti dogo, ambalo wanasheria huliita dhamana. Likiwa kuukuu, hoteli hulipwa hasara iliyopata, lakini haiwezi kuikataa boti.

Ugumu umo katika “hali njema ya kusafiri”. Maneno hayo yaweza kuvunjwa na msumari mmoja uliolegea au na injini iliyokufa kabisa. Hili ni sharti la kati, na haki ya kujitoa hupimwa kwa ukubwa wa madhara.

Kipimo hicho kilitolewa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza katika kesi ya meli ya Hongkong Fir, iliyoripotiwa mwaka 1962. Sheria ya Mikataba ya Kenya, sura ya 23, huzielekeza mahakama zetu kwenye kanuni za mikataba za Uingereza. Meli hiyo ilikodiwa mwaka 1956 kwa miezi 24. Injini zilikuwa kuukuu na mabaharia wa mitambo hawakutosha, hivyo majuma mengi yakapotea katika matengenezo. Waliokodi wakajitoa, na si ajabu, kwani bei ya kukodi meli ilikuwa imeshuka sana. Mahakama iliona kwamba meli ilipotengenezwa bado ilibakiwa na miezi 17 ya kazi. Hawakuwa wamekosa karibu manufaa yote ya mkataba, basi kujitoa kwao kulikuwa kosa.

Kwa kipimo hicho, siku tisa katika miezi 10 ni chache. Hoteli yaweza kudai kodi ya siku hizo, takriban Sh18,000, pamoja na hasara ya safari zilizofutwa. Kwa kujitoa, yenyewe ndiyo iliyovunja mkataba, na mwenye boti aweza kuidai fidia ya miezi iliyobaki, ikipunguzwa kwa alichopata, au alichopaswa kupata, kwa kuikodisha boti kwingine.

Ingekuwa fundi amesema injini itachukua miezi saba, mizani ingegeuka. Hata hapo, meneja akijua hivyo na bado aendelee kulipa na kuitarajia boti, aweza kuhesabiwa kuwa ameuthibitisha mkataba, abaki na fidia tu.