Laini Mpya Imesajiliwa Lakini Haifanyi Kazi: Hakiki Kabla ya Kuweka Kidole Tena

Tangu Mei 1, 2019, usajili wa laini za simu nchini Tanzania hufanywa kwa alama za vidole pamoja na Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Kwa kawaida laini huanza kutumika muda mfupi baada ya kidole kusomwa. Inapochelewa, mteja huombwa na wakala aweke kidole tena. Hapo ndipo tahadhari inahitajika, kwa kuwa kila alama inayokubaliwa inaweza kusajili laini moja, na si lazima iwe ile iliyo mkononi mwa mteja.

Kinachoonekana kwa wakala kuwa tendo moja ni kazi mbili. Kwanza, namba ya utambulisho na alama ya kidole hupelekwa NIDA, ambayo hujibu kama vinalingana. Pili, kampuni ya simu huunganisha taarifa hizo na namba ya laini, kisha huifungulia huduma. Kazi ya kwanza ikikwama, usajili haujafanyika. Ikikwama ya pili, mteja tayari amesajiliwa na kidole kingine hakisaidii chochote.

Namna ya kujua ni kupiga namba hii, inayotumika katika mitandao yote nchini:

```
*106#
```

Ikipigwa kwenye laini mpya yenye mtandao, huonesha kama laini hiyo imesajiliwa na kwa jina gani. Ikipigwa kwenye laini nyingine ya mteja huyohuyo, ya kampuni ileile, humwezesha kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake katika kampuni hiyo. Uhakiki huo wa pili ndio wenye manufaa zaidi, maana hufanya kazi hata pale laini mpya inapokuwa kimya kabisa.

Chukulia mfano wa mkulima wa Kilosa aliyenunua laini ya pili ya kampuni anayoitumia siku zote. Wakala amechukua alama ya kidole, simu inaonesha jina la mtandao, lakini kupiga haiwezekani. Kabla ya kurudia, mkulima anapiga `*106#` kwenye laini yake ya zamani. Akiiona namba mpya katika orodha, usajili umekamilika na kilichobaki ni kwa kampuni kufungua huduma. Anazima simu na kuiwasha, na ikishindikana anapiga 100, namba ya huduma kwa wateja, kwa laini ya zamani. Asipoiona namba mpya, anaweza kurudia usajili. Akiona namba ngeni asiyoijua, anaacha kutoa kidole hapo hapo, anaiandika, na kwenda duka la kampuni hiyo kuomba ifutwe. Laini ya namna hiyo ikitumiwa na matapeli, jina litakaloonekana katika kumbukumbu ni la mkulima.

Pale NIDA inapokataa, sababu mbili hujitokeza mara nyingi. Moja ni kukosea kuandika namba ya utambulisho, yenye tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo kosa la hapo hugundulika haraka. Nyingine ni kidole kilichochakaa kwa jembe, saruji au umri. NIDA huchukua alama za vidole vyote kumi wakati wa kuandikisha, kwa hiyo kidole kingine kilichooshwa na kukaushwa kinaweza kukubaliwa. Vyote vikikataliwa, wakala hana la kufanya. Suala hilo ni la ofisi ya NIDA ya wilaya.

Maandishi ya simu nayo yana maana. `SIM not provisioned MM#2` huashiria kwamba mitambo ya kampuni haiitambui kadi yenyewe, jambo linaloweza kutokea kwa kadi iliyokaa muda mrefu dukani au iliyobadilishwa bila kukamilishwa. Dawa yake ni duka la kampuni, ambako kadi nyingine inaweza kutolewa. `Phone not allowed MM#6` huihusu simu, si laini. Laini ihamishiwe simu nyingine. Ikifanya kazi, namba tambulishi ya simu ya kwanza, inayopatikana kwa kupiga `*#06#`, itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu hiyo ni halali.

Malalamiko huanzia kwa kampuni ya simu, na mteja ahifadhi namba ya kumbukumbu anayopewa pamoja na tarehe na mahali pa usajili. Asiporidhika na majibu, ataviwasilisha katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).