Kuaga bila asante

Mkenya aliyekaa miezi kadhaa na familia ya Wateso huko Osukuru, wilayani Tororo, anaporudi Busia bila kusema asante, je, amekosa adabu? Naona hapana, mradi ameaga. Kuaga si kutoa taarifa tu. Asemaye “nimekuja kuaga” anaomba ruhusa, na mwenyeji humjibu kwa “haya, uwasalimie nyumbani”, kisha humsindikiza. Aondokaye kimya ndiye hulaumiwa.

Wapo watakaosema kuaga bila asante ni utovu wa shukrani. Lakini methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu, na aliyelima shamba la nyumba amekuwa mtu wa nyumba hiyo. Asante ishukuru sahani ya leo. Miezi mizima iagwe kwa wazee, mmoja mmoja.