Chupa kuukuu ya etha: isome kabla ya kuigusa

Tuseme umepewa kazi ya kusafisha stoo ya maabara ya shule. Nyuma ya rafu wakuta chupa ya kahawia ya lita mbili na nusu, imeandikwa dayethili etha, ile iliyokuwa ikitumika zamani kulaza wagonjwa wa upasuaji. Kwa kalamu imeandikwa kuwa ilifunguliwa mwaka 2016. Iliyobaki ni robo tu.

Usiishike. Kila chupa inapofunguliwa, hewa huingia, na oksijeni yake huungana na etha pole pole kutengeneza peroksaidi. Mwangaza huharakisha jambo hilo. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za selsiasi, basi katika joto letu la Pwani mvuke wake hupenya kizibo kilicholegea. Peroksaidi hazitoki nayo. Hubaki chini zikizidi kuwa kali. Kwa hiyo chupa inayokaribia kukauka ni mbaya kuliko iliyojaa.

Itazame kwa macho tu, kwa tochi. Ukiona fuwele nyeupe shingoni au ndani, maji yaliyogawanyika tabaka, au kizibo kilichoshika kutu, hapo msuguano wa kuzungusha kizibo watosha kuilipua. Lakini usidanganyike kwa kuwa maji ni safi: peroksaidi zaweza kuwa zimeyeyuka humo bila kuonekana.

Ikiwa ni kuukuu hivyo, au tarehe haijulikani, uamuzi ni mmoja hata kama huoni fuwele. Usiifungue, usiitikise, usiihamishe. Toa watu, funga mlango, weka ilani, na umjulishe mkuu wa shule awaite wataalamu wa vilipuzi kupitia polisi. Usiimwage kwenye sinki. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na moto.

Kupima ni kwa chupa ambayo historia yake yajulikana, iliyofunguliwa miezi michache tu, isiyo na dalili hizo. Mwenye ujuzi wa maabara huchanganya mililita 1 ya etha na mililita 1 ya asidi ya asetiki isiyo na maji, kisha huongeza gramu 0.1 ya potasiamu ayodaidi. Rangi ikiwa ya manjano, peroksaidi zimo; ikiwa ya hudhurungi, ni nyingi. Kwa vyovyote etha hiyo isichemshwe wala kuachwa ikauke. Ya manjano hupewa mkusanyaji taka hatari mwenye leseni ya NEMA, akiambiwa wazi kilichomo; ya hudhurungi isiguswe tena, waitwe wataalamu.

Mpya ikinunuliwa, andika tarehe ya kupokea na ya kufungua. Iliyofunguliwa itolewe kabla ya miezi 6. Isiyofunguliwa, kabla ya mwaka. Friji haizuii peroksaidi. Nunua chupa ndogo itakayokwisha muhula huo huo.